Nani Aliyevuna?

Maneno yanayotumika kuelezea bei ya dhahabu kila siku ni machache kuliko mtu anavyodhani. Nayajua kwa sababu ni mkate wangu. Kila siku ya kazi, kabla ya saa tatu asubuhi, napokea ukurasa mmoja wa Kiingereza kutoka kwa kampuni ya udalali hapa Nairobi, nami nauweka katika Kiswahili kwa wateja wao wanaonunua na kuuza dhahabu kwa simu. Juu ya ukurasa pana alama XAU/USD, yaani bei ya aunsi moja ya dhahabu kwa dola za Marekani, na aunsi hiyo ni gramu 31.1. Chini yake huwa na aya nne, chati moja, na utabiri uliopindwa kwa ustadi hivi kwamba kesho, vyovyote iwavyo, hautaonekana umekosea.

Ukitafsiri ukurasa wa namna hiyo kwa muda, unaanza kuona kwamba maneno matatu ndiyo yanayobeba mzigo wote. Vijana wanaofanya biashara hiyo huyatamka kama walivyoyasikia kwenye video: konsolidesheni, brekauti, na profiti-tekingi. Bei isipoenda popote, ni konsolidesheni. Ikipanda ghafla, ni brekauti. Ikishuka baada ya kupanda, ni profiti-tekingi. Mgeni akiyasikia anadhani ameambiwa sababu. Kumbe, mara nyingi, ameambiwa tu umbo la mstari kwenye chati, kisha likabandikwa nia ya watu ambao hakuna aliyewaona.

Sikuligundua hilo kwa akili nyingi. Ni Kiswahili kilichonionyesha, manake lugha hii ina maswali yake ambayo Kiingereza kinayaruka. Nitayachukua maneno hayo moja baada ya jingine, na nitatumia mwaka mmoja tu, 2025, kwa sababu katika mwaka huo dhahabu iliyapitia yote matatu kwa mpangilio, kama mwanafunzi anayekariri.

Tuanze na konsolidesheni.

Tarehe 22 Aprili 2025 dhahabu iligusa dola 3,500 kwa mara ya kwanza. Rais Trump alikuwa anamshambulia kwa maneno Jerome Powell, mkuu wa Benki Kuu ya Marekani, na vita vya ushuru kati ya Marekani na Uchina vilikuwa vimepamba moto. Watu wenye pesa wakatafuta pa kujificha. Ndani ya siku mbili Trump akasema hana nia ya kumfuta Powell, na bei ikawa imeporomoka chini ya 3,400. Katikati ya Mei ilifika karibu 3,120. Katikati ya Juni ikarudi karibu 3,450. Halafu ikashuka kidogo, ikapanda kidogo, na hivyo hivyo hadi mwisho wa Agosti. Miezi minne nzima bei ilikuwa kama mtu anayetembea chumbani usiku akikosa usingizi.

Kwenye kurasa za kila siku chumba hicho kina sakafu na dari. Sakafu ni bei ambayo ikifikiwa wanunuzi hujitokeza, na dari ni bei ambayo ikifikiwa wauzaji hujitokeza. Hakuna uchawi hapo. Chukua mtu aliyenunua kwa 3,450, akaona bei ikishuka siku ile ile. Kwa wiki nzima hana raha, anajiapiza kwamba ikirudi tu pale alipoingilia, atatoka. Ikirudi, anauza, na wenzake wa aina yake wanauza pia. Hiyo ndiyo dari. Sasa chukua mwingine aliyetaka kununua kwa 3,200 akachelewa, bei ikapaa bila yeye. Ikishuka tena mpaka hapo, hatachelewa mara ya pili. Hiyo ndiyo sakafu. Kwa hivyo chumba kimejengwa kwa majuto ya watu wa aina mbili, waliowahi mno na waliochelewa mno, na kinasimama kwa muda ule ambao majuto hayo yanalingana.

Sasa, konsolidesheni kwa Kiswahili ni nini? Kamusi itakupa kuimarisha, na tafsiri ya haraka ingekuwa "bei inajiimarisha". Niliiandika sentensi hiyo kwenye karatasi, nikaisoma kwa sauti, nikaifuta kabla haijatoka. Kitu kinachojiimarisha kinapata nguvu. Mgonjwa aliyetoka hospitalini anajiimarisha. Timu iliyosajili beki mpya inajiimarisha. Ukimwambia mtu bei inajiimarisha, umeshamwambia itapanda, ilhali chati haijasema hivyo. Chati imesema bei iko chumbani, basi. Kiingereza nacho kina maana hiyo ya kupata nguvu ndani ya neno lake, ila limetumika sana sokoni hadi makali yake yakaisha na hakuna anayeisikia tena. Mgeni, lakini, anaisikia. Ndiyo maana mgeni hununua wakati wa konsolidesheni akidhani kuna kitu kinaandaliwa.

Na kuna ushahidi kwamba chumba kina milango miwili. Agosti 2020 dhahabu iliweka rekodi ya wakati ule, juu kidogo ya dola 2,070. Baadaye, Septemba na Oktoba, ikazunguka karibu na 1,900. Mstari wake kwenye chati ulikuwa wa aina ile ile tuliyoiona mwaka 2025. Mwisho wa Novemba bei ilikuwa chini ya 1,800, na mwaka 2022 ikafika karibu 1,615. Aliyesubiri bei ijiimarishe alisubiri sana.

Kwa hivyo mimi huandika "bei inazunguka kati ya" na kuweka namba mbili. Msimamizi wangu wa kazi alilalamika kwamba neno hilo ni baridi. Nikamwambia ni baridi kwa sababu hali yenyewe ni baridi. Akacheka, akaliacha lipite.

Neno la pili, brekauti, lilinisumbua kwa njia nyingine. Hapa maneno ya Kiswahili yamejaa tele: kuchomoka, kupenya, kuvunja dari, kutoboa. Nilichagua kuchomoka, kwa sababu lina ule ughafla wa kisu kutoka kwenye ala. Shida ilikuja nilipotaka kulitumia, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hakitoki nyumbani bila kiambishi cha wakati. Je, bei inachomoka, au imechomoka? Kiingereza kinaweza kusema "brekauti" kama jina, likasimama hapo bila saa wala tarehe. Mimi lazima niamue kama jambo linaendelea au limekwisha kutimia. Na hapo ndipo unagundua kwamba mwandishi wa ukurasa hajui.

Hebu tuangalie kinachotokea bei inapogusa dari. Sokoni kuna watu walioweka dau kwamba bei itashuka. Wameuza kwanza, kwa ahadi ya kununua baadaye. Ili wasifilisike, wengi wao huacha agizo kwa dalali: bei ikipita dari kidogo tu, ninunulie, nitoke. Maagizo hayo hujazana juu ya dari kama nyasi kavu juu ya bati. Bei ikiyagusa, waliokuwa wauzaji wanageuka kuwa wanunuzi kwa lazima, bei inapanda zaidi, inagusa maagizo mengine, na kwa dakika chache panaonekana moto mkubwa. Swali ni kama kuna kuni chini ya nyasi. Yaani, baada ya wale waliolazimishwa kumaliza kununua, kuna wanunuzi wa hiari wanaotaka kuendelea kununua kwa bei hiyo ya juu?

Jumatatu tarehe 4 Desemba 2023 kuni hazikuwepo. Dari ya wakati huo ilikuwa ile rekodi ya 2020. Katika saa za kwanza za biashara, wakati Nairobi bado ni usiku na masoko ya London na New York yamelala, bei ilipita dari ikapaa hadi zaidi ya 2,130. Aliyeamka alfajiri akaangalia simu yake aliona historia ikiandikwa. Kabla ya siku hiyo kwisha bei ilikuwa imerudi chini ya 2,050, chini hata ya dari yenyewe. Nyasi ziliwaka, zikazimika.

Linganisha na Septemba 2025. Tarehe 2 mwezi huo dhahabu ilipita 3,500, ile dari ya Aprili iliyodumu zaidi ya miezi minne. Safari hii haikurudi. Siku zilizofuata ilishuka kidogo kuelekea 3,500, ikakutana na wanunuzi kabla ya kufika, ikageuka. Dari imekuwa sakafu. Kulikuwa na sababu iliyojulikana pia: soko lilitarajia Benki Kuu ya Marekani ipunguze riba, na kweli iliipunguza tarehe 17 Septemba. Dhahabu hailipi riba, kwa hivyo riba ya dola ikishuka, anayeweka dhahabu anapoteza kidogo kuliko alivyokuwa anapoteza jana.

Ukiziweka siku hizo mbili bega kwa bega, unaona vitu ambavyo mtu anaweza kuvitazama bila kuwa mtaalamu. Cha kwanza ni mahali bei ilipofungia siku, wala si mahali ilipogusa. Cha pili ni saa: mruko wa usiku, wakati wanunuzi na wauzaji ni wachache, hauna uzito wa mruko wa mchana London ikiwa wazi. Cha tatu ni kile kinachotokea bei inaporudi kuijaribu dari ya zamani kutoka juu. Vyote vitatu vinahitaji kusubiri. Asubuhi ya brekauti hakuna hata kimoja unachoweza kukijua kwa uhakika. Ndiyo maana huandika "bei imepita 3,500" na kuacha hapo. Kuchomoka nalihifadhi hadi siku ya tatu au ya nne, nikiwa na haki ya kutumia "-me-" bila kusuta dhamiri.

Sasa tufike kwenye neno lililonifanya niandike insha hii.

Baada ya Septemba dhahabu ilienda mbio ambazo hata wazee wa soko walizishangaa. Tarehe 8 Oktoba 2025 ilipita 4,000 kwa mara ya kwanza. Jumatatu tarehe 20 Oktoba ikafika takriban 4,381. Robo nzima ya bei ilikuwa imeongezeka ndani ya wiki saba. Halafu Jumanne tarehe 21 ikaanguka zaidi ya asilimia tano kwa siku moja, anguko ambalo halikuwa limeonekana tangu mwaka 2020, ikabaki karibu 4,120. Ukurasa uliokuja asubuhi ya Jumatano ulikuwa na maelezo kwa maneno mawili: profiti-tekingi.

Tafsiri ya mtaani ni kuvuna faida, na ni tafsiri tamu. Labda ni tamu mno. Anayevuna alilima. Anayevuna ana ghala, na msimu ujao atarudi shambani. Neno linaligeuza anguko la asilimia tano kuwa jambo la kawaida, la heri hata, kama mahindi kukauka ili yavunwe. Nilipoanza kuiandika sentensi, Kiswahili kikaniuliza swali lake: nani? Kitenzi kinataka nafsi. "Walivuna faida." Hao "wa-" ni akina nani? Waliinunua lini dhahabu hiyo, na kwa bei gani, hata tuseme walipata faida? Ningeweza kukimbia swali kwa kuandika "uvunaji wa faida", jina lisilo na mtu ndani yake, sawa na Kiingereza. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa.

Na likaulizwa tena mchana, na mtu mwingine. Shangazi yangu anaishi Mombasa. Ana bangili nne za karati 22, jumla gramu 30, alizozinunua moja moja miaka ya ujana wake. Binti yake wa mwisho alikuwa anatakiwa kulipa karo ya chuo Januari, na shangazi alikuwa ameamua bangili ndizo zitakazolipa. Kijana fulani wa familia humtumia ukurasa wangu kwa Watsapu. Alinipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesoma maandishi yako. Yasema dhahabu imeanguka kwa kuwa watu wamevuna. Hao waliovuna, wamekwisha kuvuna ama bado wamo shambani?"

Nilimwambia maneno hayo si yangu, mimi mtafsiri tu. Akasema yeye hakuuliza ni ya nani.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 safi kati ya 24. Jumatatu, kwa bei ya kilele, gramu moja ya bangili ilikuwa na dhahabu ya takriban dola 129. Jumanne jioni ilikuwa takriban dola 121. Kwa gramu 30, na dola moja ikiwa karibu shilingi 129, tofauti ilikaribia shilingi elfu 30. Sonara hangempa bei yote hiyo, maana hukata hasara ya kuyeyusha na faida yake mwenyewe, na ule ufundi wa bangili alioulipia zamani haurudi. Hata hivyo sonara naye hufuata bei ya dunia, ikishuka anashuka nayo. Shangazi alitaka kujua kama asubiri irudi, au kama itazidi kwenda chini. Ikiwa ni mavuno tu, angesubiri, kwa sababu mavuno yana mwisho. Neno moja la kwenye ukurasa lilikuwa linaelekea kuamua jambo la karo.

Basi nikakaa nikajiuliza: kama mtu angetaka kweli kujua nani aliuza, angetazama wapi?

Pa kwanza ni New York, katika soko la COMEX, ambako dhahabu huuzwa kwa fyucha. Fyucha ni mkataba wa kununua au kuuza kwa tarehe ya mbele kwa bei ya leo, na mkataba mmoja wa kawaida pale ni aunsi 100. Soko hilo hutangaza kila siku idadi ya mikataba iliyo wazi, yaani ambayo bado haijafungwa. Idadi hiyo inasema kitu ambacho bei haisemi. Mnunuzi mpya akikutana na muuzaji mpya, mkataba mmoja unazaliwa na idadi inapanda. Aliyenunua zamani akitaka kutoka, akakutana na aliyeuza zamani naye akitaka kutoka, mkataba unakufa na idadi inashuka. Mmoja akitoka na mwingine akaingia mahali pake, idadi haibadiliki.

Kwa hivyo bei ikianguka na idadi ya mikataba ikashuka pamoja nayo, waliokuwa ndani wanatoka. Hilo angalau linafanana na mavuno. Lakini bei ikianguka huku idadi ikipanda, kuna watu wapya wameingia kuuza, wakiweka dau kwamba itaanguka zaidi. Hao hawajavuna chochote. Ndiyo kwanza wanapanda, na wamepanda mbegu ya kinyume. Ukurasa wa asubuhi huita hali zote mbili kwa jina lile lile.

Na hata idadi ikishuka, bado haijakuambia neno faida. Fikiria mtu aliyenunua mkataba mmoja Jumatatu kwa 4,350, akiogopa kuachwa na gari. Hakulipa bei yote, aliweka dhamana ya sehemu ndogo tu. Jumanne bei inafika 4,150. Amepoteza dola 200 kwa kila aunsi, na kwa aunsi 100 hiyo ni dola 20,000. Dalali wake anamtaka aongeze dhamana. Hana. Dalali anaufunga mkataba wake kwa nguvu, yaani anauuza. Mauzo hayo yanaongeza anguko, yanamgusa mwingine aliye kama yeye, na mwingine. Jioni, mtu huyo ameketi na simu mkononi, pesa zimekwenda, na ukurasa unamhesabu miongoni mwa waliovuna faida.

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Walikuwepo walionunua kwa 2,600 mwanzoni mwa mwaka na wakauza kwa raha zao, sibishi. Lakini neno moja limewafunika wao pamoja na aliyefilisika, na mgeni anayesoma hawezi kuwatofautisha.

Pa pili pa kutazama ni ripoti ya tume ya Marekani inayosimamia soko la fyucha, CFTC. Kila Ijumaa hutoa hesabu ya nani ameshika nini hadi Jumanne ya wiki hiyo: wachimbaji na viwanda upande huu, mabenki upande ule, mifuko ya walanguzi wakubwa mahali pake. Hapo "wa-" ya Kiswahili inaanza kupata sura. Na tarehe 21 Oktoba ilikuwa Jumanne. Ripoti ya siku ile ile ya anguko ilipaswa kutoka Ijumaa tarehe 24.

Haikutoka. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba kwa ugomvi wa bajeti, na tume ilikuwa imesimamisha ripoti hiyo. Serikali ilifunguliwa katikati ya Novemba, na hapo ndipo ripoti za nyuma zilipoanza kutolewa moja baada ya nyingine. Ina maana kwamba asubuhi ile ya Jumatano, wakati kila mahali palikuwa pameandikwa kwamba watu wamevuna faida, chombo kinachoweza kuonyesha watu hao kilikuwa kimezimwa kwa wiki tatu. Walioandika walikuwa wanaona mstari mwekundu kwenye chati kama mimi na shangazi. Walijua bei imepanda sana, wakajua imeshuka, wakaunganisha hayo mawili kwa neno la zamani.

Sisemi ilikuwa uongo. Baada ya kupanda kwa robo nzima ndani ya wiki saba, kukisia kwamba wengine wameamua kutia mfukoni walichopata ni kukisia kwa busara. Ninachosema ni kwamba ni kukisia. Na hata ripoti ikitoka kwa wakati, ina mipaka yake: imechelewa siku tatu, na inahusu New York tu. Dhahabu nyingi hubadilisha mikono London, kati ya mabenki, bila soko la wazi. Benki kuu za nchi hununua na kutangaza baadaye, au hazitangazi.

Jioni nilimpigia shangazi. Nilimweleza kuhusu mikataba, kwa kifupi, nikamweleza kuhusu ripoti isiyokuwepo. Alisikiliza kimya.

"Kwa hivyo hawajui," akasema.

"Hawajui, shangazi."

"Na wewe?"

"Mimi pia sijui. Najua tu karo ni Januari."

Akaguna. Wiki hiyo hiyo aliuza bangili mbili, zile zilizotosha karo ya muhula, akabaki na mbili. Tarehe 27 dhahabu ikashuka chini ya 4,000. Mwezi Desemba ikapita kilele cha Oktoba. Ukitaka kumsifu shangazi kwa moja, utamlaumu kwa lingine, naye mwenyewe hakujali lolote kati ya hayo. Aliniambia bangili mbili zinalia vizuri kuliko nne, nne zilikuwa zinagongana.

Kuhusu ukurasa wa Jumatano ile, msimamizi alitaka sababu iwepo kwenye mstari wa kwanza. Wateja wanalipia sababu, alisema, na kama hatuwapi sisi watapewa na jirani. Nilimwelewa. Sikuondoa sababu, nilimpa tu mwenyewe wake. Sentensi iliyotoka, baada ya kuvutana kidogo, ilikuwa hivi: "Bei ilishuka zaidi ya asilimia tano baada ya kupanda kwa wiki saba, wachambuzi wanadhani waliokuwa na faida wameuza, ingawa ripoti ya kuonyesha nani aliuza haijatolewa."

Ni ndefu kuliko maneno mawili ya Kiingereza, na haina utamu wa mavuno. Ila kila kitenzi ndani yake kina mtu wake: bei ilishuka, hilo limeonekana, wachambuzi wanadhani, na hao tunawajua, waliokuwa na faida wameuza, hilo ni la wachambuzi. Ripoti haijatolewa. Msomaji akitaka kubisha, sasa anajua abishane na nani.

Tangu siku hiyo, neno kuvuna nalitumia mara chache sana, pale tu mikataba iliyo wazi imepungua na bei imeshuka baada ya kupanda kwa muda. Na hata hapo huandika "huenda". Msimamizi amezoea. Juzi alinitumia ukurasa wa Kiingereza ukiwa na lile neno katika mstari wa pili, na pembeni, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika mwenyewe: nani?